Nomino ikiingia ndani ya kitenzi: ni neno ambatani au ni sintaksia?

#1 Kijiti cha Mofolojia
Wakuu, habari za leo. Kuna jambo limetugawa darasani tangu wiki iliyopita, nalileta hapa.

Kinahuatl cha Meksiko kina njia mbili za kusema "ninakula nyama". Ya kwanza ni *nicqua in nacatl*. *Ni* ni mimi, *c* inaiwakilisha nyama, *qua* ni kula, halafu *nacatl* (nyama) inakaa nje peke yake. Ya pili ni *ninacaqua*. Hapo nyama imevuliwa mkia wake wa *-tl*, imeingia katikati ya *ni* na *qua*, na ile *c* haipo tena.

Mwalimu anasema huu ni uambatanishaji tu, mizizi miwili imegandishwa likapatikana neno jipya, ni kazi ya mofolojia. Mwenzangu mmoja kashikilia kuwa nyama ilikuwa shamirisho halali la sentensi, ikahama mahali pake ikaingia kwenye kitenzi, kwa hiyo ni sintaksia. Nikiwasikiliza wote wawili naona kila mmoja ana lake. Nyie mnatumia kipimo gani kuamua?

#2 Mla Urojo
Mkuu, mbona Kiswahili nacho kiko hivyo hivyo? "Sitakupigia" ni neno moja, na ndani yake kuna mimi, wewe, wakati ujao na kukataa. Sentensi nzima hiyo! Hao wa Meksiko wametukuta.

#3 Bi Sarufi
Mla Urojo, vilivyomo ndani ya "sitakupigia" ni viambishi vitupu na mzizi mmoja wa kitenzi. Hamna nomino humo. Kijiti anauliza habari ya nomino yenye maana yake kamili, inayosimama peke yake siku nyingine, leo ikaonekana tumboni mwa kitenzi. Kwetu ingekuwa "ninanyamakula". Kaseme hivyo kwa muuza nyama uone atakavyokutazama.

Kijiti, ugomvi wenu ni wa zamani sana. Mwanaisimu Humboldt aliutumia mfano huohuo wa *ninacaqua* katika karne ya 19. Mwaka 1909 Kroeber akasema uingizaji wa nomino kwenye kitenzi ni jambo la kutiliwa shaka, kwa sababu alilifafanua kwa masharti mawili kwa pamoja: nomino na kitenzi viwe neno moja, na nomino hiyo iwe shamirisho la sentensi. Sapir akamjibu mwaka 1911 kwamba ukichanganya umbo la neno na kazi yake katika sentensi ndani ya fasili moja, utajikwaa. Tazama kwanza neno limeundwaje, kazi yake uichunguze baadaye. Darasa lenu linarudia mjadala wa watu hao wawili.

#4 Kalamu Nyekundu
Mimi ni mhariri, hili nalikata kirahisi. Kitu kikiandikwa pamoja na kikiwa na mkazo mmoja, ni neno moja. Neno moja ni mofolojia. Kikiandikwa mbalimbali ni sintaksia. Uzi umekwisha, tukalale.

#5 Mchimba Mizizi
Usilale kwanza, Kalamu. Nusu ya hayo ni kweli. Hakuna anayebisha kuwa *ninacaqua* ni neno moja kwa sauti. Wote tunakubali. Swali ni neno hilo lilitengenezewa wapi, kwenye ghala la maneno kabla ya sentensi kuanza, au katikati ya sentensi yenyewe.

Chukua Kimohawk, kinachozungumzwa Kanada na Marekani, kwa mfano Kahnawà:ke na Akwesasne. "Nilinunua kitanda" unaweza kusema *wa'khnínu' ne kanákta'*, kitanda kikiwa nje na mavazi yake yote, *ka-* mbele na *-a'* nyuma. Au unasema *wa'kenaktahnínu'*. Humo kitanda kimebaki *nakt* tu, na kati yake na *hnínu* (kununua) pamechomekwa *a* ya kuunganishia. Hiyo *a* inaonyesha mshono ulipo, lakini haimtaji fundi.

Mimi nipo upande wa mwalimu wa Kijiti, na sababu yangu ni kambare.

#6 Kambare Mkavu
Nimeitwa? 😂

#7 Mchimba Mizizi
Wewe kaa hapo hapo, utasaidia somo.

Marianne Mithun, aliyeandika mwaka 1984 makala ambayo kila mtu wa fani hii anaifahamu, ametoa sentensi ya Kimohawk ya mtu anayesimulia kuwa miaka kadhaa nyuma baba yake alinunua samaki wanane wa aina ya *rabahbót*. Hao ni jamii ya kambare. Sasa kitenzi chenyewe ni *wahutsyahní:nu*. Ndani yake mna *tsy*, yaani samaki. Kwa hiyo mzungumzaji anasema, tukifuata vipande, "kambare wanane alisamakinunua".

Nawauliza watu wa sintaksia: kama samaki alihama kutoka mahali pa shamirisho akaingia kwenye kitenzi, huyu kambare aliyebaki nje amekaa kwenye kiti cha nani? Mahali palipohamwa panapaswa kuwa tupu. Hapa pana mtu kakaa. Mimi naona *tsy* na *hnínu* ni kitenzi ambatani chenye maana ya "kununua samaki", halafu ukitaka kueleza ni samaki gani unamtaja nje.

#8 Kijiti cha Mofolojia
Shukrani Mchimba. Na *c* iliyodondoka kwenye Kinahuatl je?

#9 Mchimba Mizizi
Inaniunga mkono. *C* ni alama ya shamirisho. Ikiwa haipo, maana yake kitenzi hakina tena shamirisho. *Nacaqua* kimekuwa kitenzi sielekezi, kazi ya kula nyama kwa jumla, siyo kuila nyama ile pale. Kuna mazungumzo mafupi ya Kinahuatl cha Huautla yanayoonyesha hili vizuri. Mmoja anasema *askeman ti'kwa nakatl*, "wewe huli nyama kabisa". Mwenzake anamjibu *na' ipanima ninakakwa*, "mimi kila siku ninakula nyama". Nyama ilipotajwa mara ya kwanza ilisimama nje. Mara ya pili si habari mpya tena, ikaingizwa ndani. Mzungumzaji ana maneno mawili tayari mkononi, anachagua linalofaa.

#10 Bi Sarufi
Hapo umekwenda mbio. Kimohawk hakikupi ushahidi wa *c*, kwa sababu alama yake ya shamirisho lisilo hai haisikiki, iwe nomino iko ndani au nje. Ya Kinahuatl usiyabebeshe Wamohawk.

Na mkitaka kipimo, Mark Baker alikitoa mwaka 1988 kwa mifano ya Kimohawk hichohicho. *Owira'a wahrake' ne o'wahru*: mtoto alikula nyama. Unaweza kuiingiza nyama, *owira'a waha'wahrake'*, sentensi safi. Lakini jaribu kumwingiza mtoto, *wahawirake' ne o'wahru*. Haikubaliki kwa maana ya "mtoto alikula nyama". Mtenda haingii. Kwa nini? Kama ni kugandisha mizizi tu, mzizi wa mtoto una kasoro gani? Baker anasema shamirisho liko chini ya kitenzi, kwa hiyo linaweza kupanda kukifuata. Mtenda yuko juu, angelazimika kushuka, na katika sintaksia vitu havihami kwenda chini. Kizuizi kama hicho hukipati ghalani kwenye maneno. Kinatokana na ramani ya sentensi.

Kuhusu kambare wako, Baker hakumkimbia. Anasema kitu cha nje katika lugha hizo mara nyingi ni nyongeza tu, kimetundikwa pembeni ya sentensi, hakijakaa kwenye kiti cha shamirisho.

#11 Mla Urojo
Sasa naelewa. Ila Bi Sarufi, hebu niangalie mimi. Jina langu ni Mla Urojo. Urojo ni shamirisho, mimi ndiye mtenda. Hata siku moja hakuna atakayeelewa kuwa urojo ndio unaonila mimi. Mchimba kisima naye ndivyo, kisima hakimchimbi. Mla watu anakula watu. Na haya ni maneno ambatani, tulifundishwa hivyo shuleni. Basi hata maneno ambatani yanamkataa mtenda!

#12 Mchimba Mizizi
🙌 Mla Urojo amepiga msumari kuliko sisi wote. Kipimo cha Baker kinapita hata kwenye "mla urojo", ambamo hakuna aliyehama. Kwa hiyo hakituamulii.

Na kina tatizo jingine. Huko huko Huautla wanasema *ya' kikochillotete'ki panci*. *Kochillo* ni kisu, neno walilolitoa kwa Wahispania. *Panci* ni mkate. "Yeye aliukisukata mkate." Kisu si shamirisho, ni chombo. Shamirisho ni mkate, uko nje, na *ki* yake, alama ya shamirisho kama ile *c*, ipo palepale kwenye kitenzi. Chombo kimepita mlango gani kama mlango ni wa shamirisho peke yake?

#13 Kambare Mkavu
Aliukisukata. Kuanzia leo nyumbani kwangu mkate unakisukatwa.

#14 Kalamu Nyekundu
Mla Urojo, kwanza jina lako linaandikwaje? Neno moja au mawili? Kila siku naletewa "mpigapicha" na "mpiga picha" ndani ya ukurasa mmoja.

#15 Mla Urojo
Mawili. Likiunganishwa urojo unapoa.

#16 Baridi Kali
Salaam kutoka Denmark. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na zamu yangu nina mwenzangu kutoka Grinlandi. Nimeusoma uzi huu wakati wa mapumziko nikamuuliza akisema anakunywa kahawa anasemaje. Akasema *kaffisorpunga*. Neno moja. *Kaffi* ni kahawa, *punga* ni mimi, iliyobaki *sor* ndiyo kunywa. Nikamwambia basi niondolee kahawa, sema "nakunywa" tu kwa kutumia hiyo *sor*. Akacheka, akasema hiyo haisemeki, ni kama umeanza neno katikati. Sasa je, hiyo nayo ni nomino iliyoingia kwenye kitenzi?

#17 Bi Sarufi
Baridi Kali, umelileta jambo ambalo nilikuwa nalingojea. Hapo ndipo Jerrold Sadock alipopigania upande wa sintaksia mwaka 1980, naye hakutumia Kimohawk, alitumia Kigrinlandi.

Mfano wake: *kusanartunik sapangarsivoq*. *Sapangar* ni shanga, *si* ni kupata au kununua, *voq* inatuambia ni yeye. Lakini tazama lile neno la mwanzo, *kusanartunik*, "zilizo nzuri", kwa wingi. Ni kivumishi cha shanga. Shanga zimo ndani ya kitenzi, sifa yao imebaki nje. Kama shanga ni kipande tu cha neno, kivumishi kinasifu nini?

#18 Mchimba Mizizi
Hili nalijua, na jibu la Mithun ni kwamba hiyo siyo mada yetu. Mwenzake Baridi Kali amelisema mwenyewe kwa kicheko. *Sor* na *si* si vitenzi, ni viambishi tamati vinavyogeuza nomino kuwa kitenzi. Vitenzi vya Kimohawk vinasimama bila nomino, *wa'khnínu'*, nilinunua. Hivi vya Grinlandi haviwezi. Havina nomino, basi havipo.

#19 Bi Sarufi
Ndiyo, na wakikosa nomino wanaweka mzizi mtupu *pi*, usio na maana zaidi ya "kitu", wanapata *pisivoq*, "amenunua". Nakubali kuwa *si* ni kiambishi. Lakini Kijiti hakuuliza jina la kukiita. Aliuliza kama nomino iliyo ndani bado inaonekana na sentensi. Na ushahidi wa Grinlandi kwa hilo ni mkali kuliko wa Kimohawk.

Sikiliza huu. Sileji, ile gari ya kukokotwa na mbwa juu ya theluji, Kigrinlandi wanaiita *qamutit*, na neno hilo kwa umbo ni la wingi hata sileji ikiwa moja. Kama sisi na maji: hata yawe tone moja, ni "maji haya". Sasa "ana sileji moja" ni *ataatsinik qamuteqarpoq*. *Qar* ni kuwa na. *Ataatsi* ni moja. Lakini *nik* ni mwisho wa wingi! Umoja ungekuwa *ataatsimik*, na ndivyo kinavyokuwa ukiwa na kitu kimoja cha kawaida. "Moja" imevaa wingi kwa sababu moja tu: inapatana kisarufi na *qamut* aliye ndani ya kitenzi. Siyo kwa maana, maana ni sileji moja. Kwa hiyo sentensi imechungulia ndani ya neno ikaona ngeli ya nomino. Neno ambatani la kawaida halichunguliwi hivyo.

#20 Kijiti cha Mofolojia
Duh. Hili la sileji nalipeleka darasani kesho.

#21 Mchimba Mizizi
Lipeleke, lakini na hili uende nalo. Kigrinlandi kina kawaida ya kumtaja mtendwa kwa mwisho wa *mik* na *nik* hata pale ambapo hakuna nomino yoyote iliyoingizwa, kitenzi kikiwa sielekezi. Kwa hiyo *kusanartunik* linaweza kuwa kundi linalojitegemea, "vitu vizuri", bila kuhitaji kuning'inia kwenye shanga za ndani. Amepata shanga, tena vizuri kweli hivyo. Tunafanya hivyo kila siku: "nimenunua vikubwa", nomino haipo na kila mtu ameelewa.

#22 Bi Sarufi
"Vikubwa" ina *vi*. Hiyo *vi* imeipata wapi? Imeipata kwenye nomino iliyo kichwani mwa msemaji, viazi au viatu. Kwa hiyo hata mfano wako unataka ngeli ya nomino mahususi. Na bado hujaigusa *ataatsinik*.

#23 Mchimba Mizizi
Sawa kabisa, ngeli inatoka kwenye nomino iliyo kichwani, wala haikuhitaji kuwa kwenye sentensi. Nikikuonyesha viazi kwa kidole nikasema "nipe vikubwa", hakuna nomino iliyotamkwa wala iliyohama, na ngeli imepatikana. Msemaji wa Grinlandi naye anajua kuwa sileji huitwa kwa wingi. Anapatanisha na anachokijua.

#24 Kambare Mkavu
Hawa wawili wangekuwa wanandoa chakula kingeungua kila siku.

#25 Fundi Pasi
Nami naongeza la kwetu. Bi Sarufi amesema Kiswahili hakina. Mbona "piga pasi"? Nasema "nguo nimezipiga pasi". Alama ya shamirisho ni *zi*, ya nguo. Pasi haina alama, imekaa uchi tu nyuma ya kitenzi. Ukigeuza, "nguo zimepigwa pasi". Nguo ndizo zinazopanda kuwa kiima, pasi haiondoki. Na huwezi kusema "pasi niliyozipiga nguo". "Piga deki" hivyo hivyo, sakafu inapigwa deki. Naona pasi imeshaingia kwenye kitenzi, basi tu imeingilia mlango wa nyuma.

#26 Bi Sarufi
Fundi, huo ni uchunguzi mzuri. Mithun ana fungu zima la lugha ambamo nomino ikiachia kiti cha shamirisho, nyingine inakikalia, kama nguo zako. Ila "piga simu" hailingani na "piga pasi". "Simu niliyokupigia jana hukuipokea." Hapo simu imetoka nje, imepata kirejeshi *yo*, na *i* inairejelea. Simu ni shamirisho kamili. Kwa hiyo usiziweke zote kapu moja.

#27 Kalamu Nyekundu
Na pasi inaandikwa mbali na kitenzi, kwa hiyo si neno moja. Nilisema tangu #4.

#28 Bi Sarufi
Ndiyo maana nataka uende Niue, kisiwa cha Pasifiki. Diane Massam aliandika mwaka 2001 juu ya sentensi kama *ne inu kofe kono a Mele*. *Inu* ni kunywa, *kofe* ni kahawa, *kono* ni chungu, Mele ni jina la mtu. "Mele alikunywa kahawa chungu." Kawaida kitenzi kinafuatwa na mtenda, na mtenda wa kitenzi elekezi, akitajwa kwa jina la mtu, anatanguliwa na *e*. Hapa kahawa imesogea ikakaa mgongoni mwa kitenzi kabla ya Mele, na Mele ametanguliwa na *a*, alama ya mtenda asiye na shamirisho. Kila dalili inasema kahawa imeingizwa. Lakini imeingia pamoja na kivumishi chake! Kilichoingia ni kundi zima, siyo mzizi. Hiyo si neno ambatani, na si ule uhamaji wa Baker wa mzizi mmoja kupanda. Kalamu, kipimo chako cha kuandika kinasemaje hapo?

#29 Kalamu Nyekundu
Kinasema Niue watafute mhariri.

#30 Mla Urojo
Mimi bado sijajibiwa #2. Kama lugha za sentensi ndani ya neno moja zinaitwa polisintetiki, "hawajatupiganisha" inakosa nini?

#31 Mchimba Mizizi
Inategemea unamfuata nani. Du Ponceau aliyelitoa jina hilo mwaka 1819 alikuwa anatazama wingi wa mawazo ndani ya neno, huyo labda angekukaribisha. Baker mwaka 1996 aliweka sharti gumu zaidi: kila mshiriki wa kitenzi lazima awe na alama yake kwenye kitenzi au aingizwe ndani kama mzizi. Kiswahili kinaruhusu "nimenunua kitanda" bila alama yoyote ya kitanda. Umeanguka. Lakini usihuzunike, kwa sharti hilo hata Kigrinlandi amekiacha nje, pamoja na maneno yake marefu kama reli.

#32 Fundi Pasi
Turudi kwenye pasi. Bi Sarufi, hao wa Niue wanaweza kuweka neno kati ya kitenzi na ile nomino?

#33 Bi Sarufi
Hawaweki. *Takafaga ika tūmau nī a ia*, "yeye kila mara huvua samaki". *Tūmau*, kila mara, limekuja baada ya *ika*, samaki. Kitenzi na samaki hawaachani. Sasa wewe nijibu kwa Kiswahili chako: "nimezipiga vizuri pasi" inakubalika?

#34 Fundi Pasi
Kwangu hapana. "Nimezipiga pasi vizuri."

#35 Mla Urojo
Unguja tunasema zote mbili.

#36 Baridi Kali
Bibi yangu Mombasa angesema "nimezipiga sawasawa pasi" bila shida. Na "nimezipiga pasi ya mkaa" je? Hapo pasi imepata sifa yake.

#37 Fundi Pasi
"Pasi ya mkaa" nakubali, ila hapo naona ni chombo ninachokisema, siyo ile kazi. Ukiniambia "zipige pasi" sihitaji kujua ni ya mkaa au ya umeme.

#38 Mchimba Mizizi
Basi ni kisu cha Huautla hicho. Chombo.

#39 Kijiti cha Mofolojia
Ngoja, kwa hiyo pasi ya Fundi iko karibu na *kochillo* au karibu na *kofe kono*? Wa Unguja na Mombasa wengine waseme pia, kabla sijafunga daftari.